Je, Wajua? Sisimizi Hubeba Dawa Hadi kwa Malkia

Mvua za Novemba zikianza Sumbawanga, maji huingia viotani na sisimizi hutafuta pakavu. Mmoja akikuta sukari iliyomwagika jikoni, hurudi akigusisha tumbo chini na kuacha harufu. Wenzake huifuata kwa mstari.

Ukipuliza dawa, unaua walio njiani tu. Malkia yuko kiotani akitaga. Chambo humfikia. Koroga nusu kijiko cha chai cha asidi ya boriki na vijiko 8 vya sukari katika kikombe cha maji ya uvuguvugu. Lowesha pamba, iweke kando ya mstari, mbali na watoto. Usizidishe dawa: wakifa mapema hawatawalisha wenzao mdomo kwa mdomo. Mwanzoni wataongezeka, usiwafagie.