'Mtutume ankara' au 'mtutumie'? Barua pepe moja ya mhasibu, ilivyokuwa na ilivyonyooshwa

Kinu cha mpunga Mpanda kimeagiza vipuri kwa msambazaji wa Tabora. Mzigo umefika, mashine inazunguka, lakini ankara haijaja. Mhasibu msaidizi anaambiwa aandike barua pepe ya kuikumbushia. Ni kazi ya dakika tano, ila ikiandikwa vibaya inaweza kukaa wiki nzima bila jibu.

Tuchukue mfano huu, ulioandikwa Ijumaa tarehe 9 Oktoba:

Kichwa: ANKARA ILIYOCHELEWA!!

*Habari boss,*
*Nilikuwa naomba kukumbushia ankara ambayo kwamba tunawadai tangu mwezi uliopita. Mzigo ilifika tarehe 12 ila mpaka leo hamjatutuma. Tunaomba mtutume mpaka keshokutwa na iwe na tarehe ya Septemba maana nazani mnajua TRA ni tarehe 20.*
*Asante.*

Makosa madogo yanaonekana haraka. "Mzigo ilifika" iwe "mzigo ulifika". "Ambayo kwamba" ni maneno mawili yanayofanya kazi moja, kwa hiyo "ambayo" inatosha. "Nazani" ni "nadhani". "Boss" tunamwachia kijiweni, ofisini andika "Ndugu Meneja Mauzo". Alama za mshangao na herufi kubwa zinasomeka kama kelele.

Haya hapa chini ndiyo yanayochelewesha jibu.

Nani anamdai nani?

Msambazaji akisoma "ankara ambayo tunawadai", anaweza kudhani kinu kinamdai pesa. Au akisoma kichwa tu, "ankara iliyochelewa", anadhani mteja anaomba radhi kwa kuchelewa kulipa. Ukweli ni kwamba kinu ndicho kinachodaiwa, na kinataka karatasi ili kilipe. Sema hivyo hivyo: "hatujapata ankara".

Halafu kuna "mtutume". Kumtuma mtu ni kumwagiza aende mahali. Kumtumia mtu ni kumpelekea kitu. Anayeandika "mtutume" anaomba yeye ndiye atumwe! Sahihi ni "mtutumie ankara", na "hamjatutumia".

Keshokutwa ni lini?

Barua imeandikwa Ijumaa, kwa hiyo keshokutwa ni Jumapili. Akiifungua Jumatatu, keshokutwa yake ni Jumatano tarehe 14 Oktoba, Siku ya Nyerere, na ofisi nyingi zimefungwa. Taja siku, tarehe na saa.

Mzigo upi?

Msambazaji ana wateja wengi, na "tarehe 12" peke yake haimsaidii kutafuta. Anahitaji namba ya oda, aina ya bidhaa na kiasi. Akikosa hayo atajibu kwa swali, na siku mbili zinapotea.

Tarehe ya Septemba haiombwi

Hili ni kosa la kazi kuliko la lugha, na ndilo zito zaidi. Ankara na risiti ya EFD ni vitu viwili. Ankara inasema unadaiwa kiasi gani. Risiti ya EFD inatoka kwenye mashine ya kodi, na ndiyo mnunuzi aliyesajiliwa VAT anaitumia kupunguza kodi anayopaswa kulipa TRA.

Kwenye mfano wetu vipuri ni Sh. 2,000,000. VAT ya asilimia 18 ni Sh. 360,000, jumla Sh. 2,360,000. Bila risiti halali, kinu hakiwezi kuiondoa hiyo 360,000 kwenye ritani yake ya mwezi, ambayo inawasilishwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Hapo ndipo presha ya mhasibu inatoka.

Sasa, mashine inachapa tarehe ya siku risiti inapotolewa. Kama msambazaji alishaitoa tarehe 12 Septemba akasahau kuituma, nakala yake inaingia kwenye ritani ya Septemba. Kama hakuitoa kabisa, ya sasa itasoma Oktoba na itaingia ritani ya Oktoba, inayowasilishwa Novemba. Pesa haijapotea, maana sheria inampa mnunuzi miezi 6 ya kudai kodi hiyo. Lakini kumwandikia mtu "iwe na tarehe ya Septemba" ni kumwomba arudishe tarehe nyuma, na ombi hilo linabaki kwenye maandishi. Uliza tu kama ilishatolewa au bado.

Ilivyonyooshwa

Kichwa: Ombi la ankara na risiti ya EFD, oda namba 118, mzigo wa 12 Septemba

*Ndugu Meneja Mauzo,*

*Habari za kazi. Tarehe 12 Septemba tulipokea kwenu mikanda na beringi za mashine ya kukobolea mpunga, oda namba 118, jumla Sh. 2,360,000 pamoja na VAT. Hadi leo hatujapata ankara wala risiti ya EFD ya mzigo huo.*

*Tunaomba mtutumie kwa barua pepe hii kufikia Jumanne tarehe 13 Oktoba, saa 10 jioni. Kama risiti ilishatolewa, nakala inayosomeka vizuri inatosha kwa sasa. Kama bado, tafadhali tujulisheni itatolewa lini. TIN yetu na namba yetu ya VAT zipo kwenye oda tuliyoambatisha.*

*Tutaanza kuandaa malipo mara ankara itakapotufikia.*

*Asante,*
*(Jina, Mhasibu Msaidizi, namba ya simu)*

Imekuwa ndefu kidogo, lakini msambazaji hana cha kuuliza. Sentensi ya mwisho kabla ya asante ndiyo inayomsukuma: akituma karatasi, pesa yake inaanza kutembea. TIN imetajwa kwa sababu risiti isiyokuwa na taarifa za mnunuzi inaweza kukataliwa pale kinu kitakapodai VAT.

Ikifika, ikague

Soma kwanza jina, TIN, tarehe na kiasi. Kisha ingia verify.tra.go.tz uweke namba ya uhakiki iliyochapwa kwenye risiti. Isipotokea, au kiasi kikiwa tofauti, mrudie msambazaji kabla ya kuiingiza kwenye ritani. Risiti halisi ikifika itoe kopi siku hiyo hiyo. Karatasi yake inafifia kwa joto, na kwa jua la Katavi ukiiacha kwenye dashibodi ya gari haichukui muda kuwa nyeupe.

Isipofika hadi tarehe 13 jioni, piga simu, na mkimaliza mwandikie tena kwa ufupi mliyokubaliana. Vitabu vya Septemba visisubiri: ingiza gharama ya Sh. 2,000,000 na deni la msambazaji kwa kutumia oda na hati ya kupokelea mzigo. Ile 360,000 ya VAT usiiguse mpaka risiti iwe mkononi.