Shilingi saba kwa dola haikuwa kazi ya dhahabu

Kila shilingi inapoteleza, swali hurudi lile lile: mbona zamani dola moja ilikuwa shilingi saba, na kwa nini nchi yenye migodi ya dhahabu isiifunge sarafu yake kwenye dhahabu hiyo, mambo yakaisha? Anayeuliza anaamini kwamba zamani nyuma ya kila noti kulikuwa na kipande cha dhahabu kilichoishika isianguke. Imani hiyo ni potofu kabisa, na imechosha kusikika. Viwango vya zamani vilishikwa na ahadi za serikali, na gharama ya kutimiza ahadi hizo ilibebwa na wafanyakazi na wakopaji. Gharama ilipozidi uwezo, dhahabu haikuokoa kiwango cha nchi yoyote, hata cha ile iliyokuwa nayo kuliko zote.

Tuanze na hiyo saba yenyewe. Benki kuu za Tanzania, Kenya na Uganda zilipoanza kazi mwaka 1966, shilingi mpya iliandikishwa kwa thamani ya gramu 0.124414 za dhahabu safi. Dola ya Marekani, kwa bei rasmi ya dola 35 kwa wakia, ilikuwa gramu 0.888671. Gawanya ya pili kwa ya kwanza, utapata 7.14. Pauni ya Uingereza ilikuwa gramu 2.48828, yaani shilingi 20 kamili, na hiyo 20 ilikuwa imerithiwa kutoka Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki ya wakati wa ukoloni. Lakini hakuna mkulima wa pamba wa Mwanza aliyeweza kupeleka shilingi zake benki akarudi na dhahabu. Gramu zile zilikuwa kipimo cha kuandikia tu. Ushahidi ulikuja Novemba 1967, Uingereza iliposhusha pauni kutoka dola 2.80 hadi 2.40. Nchi zetu tatu ziliamua kutoifuata, na pauni ikawa shilingi 17.14. Hakuna dhahabu iliyoongezeka Dar es Salaam wala Nairobi usiku ule. Kilichobadilika ni uamuzi uliotolewa London, na mwingine uliotolewa huku.

Mfumo halisi wa dhahabu ulikuwapo kabla ya 1914. Wakati huo mtu aliweza kweli kubadilisha noti kwa dhahabu, na kuisafirisha nje ya nchi apendavyo. Pauni ilikuwa na gramu 7.32 hivi za dhahabu safi, dola gramu 1.505, kwa hiyo pauni moja ilikuwa dola 4.8666. Kupeleka dhahabu New York kutoka London kuligharimu senti mbili tatu hivi kwa kila pauni, pamoja na bima. Ikiwa pauni ilishuka sokoni hadi karibu 4.84, ilikuwa nafuu kuchukua dhahabu London na kuipakia melini kuliko kuuza pauni kwa bei hiyo. Ilipopanda kuelekea 4.89, meli zilirudi na dhahabu. Ndiyo maana kiwango hakikutoka nje ya uzio huo mwembamba. Wanaousifu mfumo huu huishia hapo, ilhali mambo ndiyo kwanza yanaanza. Dhahabu ikitoka, benki kuu ililazimika kupandisha riba. Mikopo ikakauka, viwanda vikapunguza watu, mishahara na bei zikashuka mpaka bidhaa za nchi ziwe rahisi tena kwa wageni. Kiwango kilitulia kwa sababu maisha ya watu ndiyo yaliyoyumbishwa badala yake.

Uingereza ilijaribu kuurudisha mfumo huo, na matokeo yake yako wazi. Mwaka 1925 Winston Churchill, akiwa Waziri wa Fedha, aliirudisha pauni kwenye 4.8666 ya kabla ya vita, ingawa bei za Uingereza zilikuwa zimepanda kuliko za Marekani. Makaa ya mawe ya Uingereza yakawa ghali nje. Wenye migodi wakataka kukata mishahara na kuongeza saa za kazi, na Mei 1926 ukazuka mgomo mkuu wa nchi nzima. Mishahara haikushuka kama hesabu ilivyotaka. Katika kiangazi cha 1931 zaidi ya pauni milioni 200 ziliondolewa London katika muda wa miezi miwili hivi. Benki ya Uingereza ingeweza kupandisha riba sana ili kuzizuia, lakini watu zaidi ya milioni mbili na nusu hawakuwa na kazi, na riba ikaachwa kwenye asilimia 4.5. Tarehe 21 Septemba 1931 pauni ikaachana na dhahabu, na kabla mwaka haujaisha ilikuwa chini ya dola 3.50. Shilingi ya Afrika Mashariki, iliyofungwa kwenye pauni, ilishuka pamoja nayo bila mtu yeyote huku kuulizwa.

Utasikia kwamba Uingereza ilishindwa kwa sababu dhahabu yake ilikuwa kidogo. Basi tuitazame Marekani. Katika utaratibu uliokubaliwa Bretton Woods mwaka 1944, sarafu nyingine zilifungwa kwenye dola, nayo dola kwenye dhahabu, na serikali na benki kuu za nje tu ndizo zilizoweza kudai dhahabu hiyo. Biashara ya dunia ilihitaji dola, na kila dola iliyotoka ilikuwa dai jingine juu ya ghala lile lile la dhahabu. Mchumi Robert Triffin alionya mwaka 1960 kwamba Marekani ikiacha kutoa dola dunia itakosa fedha, na ikiendelea kuzitoa ahadi itakosa wa kuiamini. Marekani na nchi saba za Ulaya zikaungana kuuza dhahabu London ili bei ibaki 35. Machi 1968 zikasalimu amri. Dawa ilijulikana: kupandisha riba na kubana matumizi. Lakini kulikuwa na vita vya Vietnam na kura za wapigakura waliotaka ajira. Tarehe 15 Agosti 1971 Richard Nixon akafunga dirisha la dhahabu, huku ghala likiwa bado na zaidi ya tani 8,000. Viwango vipya vilivyopangwa Desemba havikudumu, na Machi 1973 sarafu kubwa zikaachwa zielee.

Hoja moja ya upande wa pili ina uzito: bila nidhamu ya dhahabu, serikali nyingi zilichapa noti kupita kiasi, na wananchi wakaumia. Ni kweli. Lakini dhahabu nayo iliumiza. Kati ya 1873 na 1896 bei zilishuka mfululizo na wakulima wenye madeni wakateketea, na katika mdororo wa miaka ya 1930 Uingereza iliyotoka mapema iliinuka kabla ya Ufaransa iliyong’ang’ania hadi 1936. Kwa nchi inayochimba dhahabu ubaya ni mkubwa zaidi. Funga shilingi kwenye dhahabu, kisha bei ya dhahabu duniani ipande: shilingi itapanda nayo, na mkulima wa korosho atapokea shilingi chache kwa kilo ile ile bila kosa lake.

Yaliyobaki ni machache. Benki kuu inunue dhahabu ya ndani iwe akiba, maana inauzika siku dola zikiadimika, bali isiahidi kuibadilisha kwa bei moja. Iache kiwango kiende na soko, iingilie kutuliza mishtuko tu. Msomaji naye afuatilie akiba ya nchi inatosha miezi mingapi ya uagizaji na mfumuko wa bei wetu unazidi wa wenzetu kwa kiasi gani. Na kama mapato yako ni ya shilingi, usikope kwa dola.