Modeli Nne, Saa 240: Ipi Inafaa Mradi Wako wa Mifumo ya Habari?

Mwanafunzi wa Machakos anapofika kwenye somo la mradi wa mifumo ya habari, sura ya tatu ya pendekezo lake humtaka ataje modeli atakayofuata katika kuujenga mfumo. Wengi huichagua kwa jioni moja: wananakili mchoro, wanataja faida tano na hasara tano, kisha wanaendelea. Lakini kila modeli ina bei yake, na bei hiyo hulipwa kwa saa zako, kwa nauli yako na kwa subira ya watu unaotaka kuwatengenezea mfumo. Tuzilinganishe kwa mradi mmoja, ili bei hiyo ionekane.

Mradi wa mfano ni huu: mfumo wa kupokea kahawa katika kiwanda cha chama cha ushirika upande wa Kangundo. Mkulima huleta cheri, karani huzipima, huandika kilo kwenye daftari na kumpa mkulima risiti. Siku hiyo hakuna anayejua bei. Kahawa bado itamenywa, itachachushwa, itaoshwa, itakaushwa, itakobolewa na kuuzwa, na fedha hurudi chamani baada ya miezi. Hapo ndipo chama hupata bei ya kilo moja ya cheri, kikatoa madeni ya mbolea na mikopo, kisha kikamlipa mkulima. Mwanafunzi aliyezoea duka, ambako bei hujulikana pale pale kwenye mizani, ataupanga mfumo wake hivi:

```sql
CREATE TABLE pokezi (
  id INTEGER PRIMARY KEY,
  mkulima_id INTEGER,
  tarehe DATE,
  kilo DECIMAL(8,2),
  bei DECIMAL(8,2)
);
```

Kosa liko kwenye mstari wa `bei`. Bei si mali ya mzigo mmoja wa cheri, ni mali ya msimu mzima, na mahali pake ni jedwali jingine linalojazwa miezi baadaye. Gharama ya kosa hili itategemea siku utakayoligundua.

Tuseme una wiki 24 za mihula miwili, saa 10 kila wiki: jumla saa 240. Hesabu za saa zinazofuata ni makadirio ya mfano, nawe unaweza kuweka zako.

Maporomoko ndiyo modeli inayoonekana rahisi kuliko zote. Unakusanya mahitaji, unasanifu, unaandika programu, unajaribu, unakabidhi, na kila hatua hufungwa kabla ya inayofuata kufunguliwa. Hupendwa vyuoni kwa sababu hatua zake hulingana na sura za ripoti, hivyo msimamizi husoma sura moja moja na wewe unajua umefika wapi. Unafuu huo ni wa kweli. Ada yake huja mwishoni. Kama ulimhoji karani mara moja tu, wiki ya pili, atauona mfumo wiki ya 20, na swali lake la kwanza litakuwa: bei hii niitoe wapi leo? Kama jambo hilo lingeulizwa kwenye mahojiano, lingemalizika kwa nusu saa. Likigunduliwa kwenye usanifu, unachora upya mchoro wa hifadhidata na kurekebisha maelezo yake, labda saa 4. Likigunduliwa wiki ya 20, unabadilisha majedwali, fomu ya kupokea, risiti, ripoti zote za malipo, data ya majaribio na sura mbili zilizokwisha kusahihishwa. Ni saa 25 hivi, zaidi ya sehemu moja ya kumi ya bajeti yako, tena katika wiki ambazo mitihani inakaribia.

Barry Boehm na Victor Basili waliandika mwaka 2001 kwamba kurekebisha kosa baada ya mfumo kukabidhiwa huweza kugharimu mara 100 ya kulirekebisha wakati wa mahitaji na usanifu kwenye mifumo mikubwa, ilhali kwenye mifumo midogo isiyo nyeti uwiano ni kama mara 5. Wanafunzi hunukuu ile 100 bila kutazama ukubwa wa mradi wao. Mradi wa saa 240 hauhitaji mara 100 ili uzame. Mara 5, zikija kwa wakati mbaya, zinatosha.

Hapa kuna jambo ambalo mtahini makini hulisaka. Mapendekezo mengi humtaja Winston Royce kama mtetezi wa maporomoko kwa sababu ya makala yake ya mwaka 1970. Royce hakulitumia jina hilo, na baada ya kuchora hatua zikifuatana alionya kwamba kuzifuata namna hiyo ni hatari na hukaribisha kushindwa. Mojawapo ya mapendekezo yake lilikuwa kuujenga mfumo mara mbili, wa kwanza ukiwa wa majaribio. Ukimtaja, mtaje kwa alichosema.

Modeli ya V ni maporomoko yaliyokunjwa katikati. Upande wa kushoto unashuka kutoka mahitaji hadi usanifu wa kina. Upande wa kulia unapanda kutoka majaribio ya kipande kimoja kimoja hadi jaribio la kukubaliwa na mtumiaji. Kila hatua ya kushoto huandikiwa jaribio lake la kulia wakati ule ule, kabla programu haijaandikwa. Serikali ya Ujerumani iliifanya kanuni ya miradi yake, kwanza kwenye ulinzi, katika miaka ya 1990, na hutumika sana penye mifumo ya kulinda uhai. Kwa mwanafunzi, karatasi za majaribio zitakula saa 30 hivi mapema, wakati hakuna kinachoonekana kwenye skrini na wenzako wameanza kuonyesha kurasa zao.

Lakini tazama kinachonunuliwa na saa hizo. Keti na karani, mwandike pamoja jaribio moja la kukubaliwa: mkulima ameleta kilo 42 msimu mzima, chama kinalipa shilingi 100 kwa kilo, anadaiwa shilingi 1,500 za mbolea, hivyo alipwe shilingi 2,700. Karani atakuuliza hapo hapo hiyo 100 inaingia lini kwenye mfumo, na kosa la `bei` limekwisha kufa wiki ya nne. Kisha andika jaribio la pili: kilo 12, deni lile lile. Jibu ni shilingi 300 chini ya sifuri. Je, deni linahamishiwa msimu ujao, au kuna kiasi ambacho mkulima lazima apate? Hilo si swali la kompyuta, ni la kanuni za chama, na usipoliuliza mfumo wako utalijibu kimya kimya kwa namna yake. Udhaifu wa V ni kwamba jaribio lililoandikwa na mwanafunzi peke yake chumbani hurudia makosa yale yale yaliyo kwenye mahitaji. Bila karani, umelipa saa 30 kwa makaratasi.

Modeli ya marudio hugawa kazi katika mizunguko midogo, na kila mzunguko huzaa kitu kinachotumika. Mzunguko wa kwanza: kusajili wakulima, kupokea kilo na kutoa risiti. Wa pili: bei ya msimu, makato na malipo. Wa tatu: ripoti za kamati na nakala rudufu za data. Karani anauona mfumo wiki ya nane badala ya ya 20, anaikataa sehemu ya bei, na marekebisho yanakula saa 5 au 6 kwa kuwa ripoti za malipo bado hazijaandikwa. Gharama iko barabarani. Kila mzunguko unadai safari, na ukihesabu njia, kusubiri foleni ya wakulima ipungue na mazungumzo yenyewe, safari moja ni saa 6. Safari tatu ni saa 18, na nauli juu yake. Panga pia kalenda yako: katika msimu mkuu, Oktoba hadi Desemba, karani hana nafasi ya kukusikiliza. Hatari nyingine ni kwamba kila ziara huleta ombi jipya. Bila orodha iliyotiwa saini ya mambo ya kila mzunguko, utafika wiki ya 24 ukiwa bado mzunguko wa pili.

Mfano mkubwa wa gharama hii kuzaa faida uko hapa Kenya. M-Pesa ilianza majaribio Oktoba 2005, Thika na Nairobi, kwa wateja wasiofika 500, ikikusudiwa kulipia mikopo midogo ya Faulu. Watumiaji wakaanza kutumiana fedha kwa shughuli zao wenyewe. Huduma iliyozinduliwa Machi 2007 ilijengwa juu ya kutuma fedha, na ulipaji wa mikopo uliachwa kando. Mahojiano ya mwanzoni yasingeweza kuleta hilo. Lilihitaji mfumo mdogo mikononi mwa watu.

Msokoto nitaupitia kwa ufupi. Boehm aliueleza katika miaka ya 1980 akiwa katika kampuni ya TRW, penye miradi mikubwa, na kila duara lake huanza kwa kuuliza ni hatari gani inaweza kuua mradi, kisha huijaribu hiyo kwanza. Ukiufuata wote, uchambuzi wa hatari utameza muda wa kuandika programu. Chukua duara la kwanza tu, tena pale ambapo kuna jambo usilojua kama linawezekana. Ukitaka kilo zisomwe moja kwa moja kutoka mizani ya kidijitali, jaribu waya na mizani wiki ya kwanza kabla ya kuahidi chochote. Zikikataa kuzungumza, karani ataandika kilo kwa mkono na mradi wako bado uko hai.

Kuna wanaosema maporomoko yanatosha pale ambapo kanuni zimewekwa na sheria, kama mfumo wa mishahara. Yanatosha kwa kiasi. Hata hivyo, Oktoba 2024 makato ya NHIF yaliondoka na SHIF ikaingia kwa asilimia 2.75 ya mshahara, na kila mfumo ulioandika viwango vya zamani ndani ya programu badala ya kwenye jedwali ulifunguliwa upya.

Kwa miradi mingi ya somo hili, basi, nunua marudio: mizunguko mitatu, si zaidi, na kila mmoja uanze na majaribio mawili au matatu ya kukubaliwa uliyoyaandika na mtumiaji mwenyewe, ambayo ndiyo mali bora ya V. Maporomoko yachague tu kama unanakili utaratibu wa karatasi usiobadilika na mtumiaji yuko mbali mno kutembelewa. Na ulichokitaja kwenye sura ya tatu kifanye kweli: tarehe kwenye `git log` na saini za karani zitamwonyesha mtahini kama mizunguko ilikuwapo, au programu yote iliandikwa wiki ya mwisho.