Shemeji ni kupe: msikilizaji anaelewaje?

Dada anampigia simu mdogo wake: "Vipi, shemeji bado yupo hapo kwenu?" Anajibiwa: "Yule kupe? Yupo!" Hakuna anayeuliza kupe gani. Dada amekwisha kuelewa kwamba shemeji aliyekuja msibani bado anakula vya watu, hana habari ya kuondoka, na mdogo wake amechoka. Ameelewaje, ilhali kilichotamkwa, ukikichukua jinsi kilivyo, ni uongo mtupu?

Swali hili limewagawa wataalamu wa pragmatiki, yaani tawi la isimu linalochunguza jinsi watu wanavyofikia maana kwa kutazama mazingira ya mazungumzo.

Jibu la kwanza lililopata nguvu ni la mwanafalsafa Mwingereza Paul Grice, katika mihadhara aliyoitoa Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1967. Sehemu yake mashuhuri ilichapishwa 1975. Kwa Grice, wanaozungumza wanashirikiana, na ushirikiano huo una kaida zake: toa habari ya kutosha, baki kwenye mada, sema kwa uwazi, na zaidi ya yote, usiseme unachoamini kuwa ni uongo. Sitiari inavunja kaida hii ya mwisho hadharani, bila kuficha. Dada anasikia "kupe", anaona haiwezekani binadamu akawa mdudu, lakini hafikirii kwamba mdogo wake ameamua kumdanganya. Basi anatafuta maana nyingine iliyo karibu: shemeji anafanana na kupe kwa namna fulani. Kwa hesabu hii, mdogo mtu hakudai kwa dhati kwamba shemeji ni kupe. Alijifanya kudai hivyo ili kudokeza jambo jingine.

Maelezo haya yanavutia, na kwa sitiari kali kama hii yanaelekea kutosha. Taabu inaanza kwenye kauli za kawaida kabisa. Mama anamwambia mwanawe, "Nenda dukani, unga umeisha." Mtoto akichungulia mkebe ataona vijiko viwili vitatu vimebaki chini. Je, mama amesema uongo? Hapana. Amevunja kaida hadharani ili mtoto ashtuke na kutafuta maana iliyofichika? Hapana pia. Mtoto hashtuki, anachukua pesa na kwenda. Kauli legevu za namna hii hazina ule uvunjaji wa wazi ambao Grice anauhitaji ili gurudumu lake lianze kuzunguka.

Hapo ndipo walipoingilia Dan Sperber, Mfaransa, na Deirdre Wilson, Mwingereza, katika kitabu chao cha 1986 kilichoanzisha nadharia ambayo hapa nitaiita Nadharia ya Ufaafu. Wao wanasema msikilizaji hangojei ukweli wa neno kwa neno. Anangojea kauli itakayomfaa. Kauli inafaa zaidi kadiri inavyomletea mambo mengi ya maana, na inafaa kidogo kadiri inavyomchosha akili kuielewa. Kwa hiyo anashika njia nyepesi kwanza, anajaribu maana inayomjia haraka katika mazingira yale, na akipata ya kumtosheleza anaishia hapo. Kwa mtoto wa duka, "umeisha" inatosha ikimaanisha "hautoshi kupikia ugali wa leo". Kumwambia "zimebaki gramu arobaini" kungemwongezea kazi bila kumwongezea faida.

Kuna jaribio lililofanyika barabarani linaloonyesha jambo hili vizuri. Sperber na wenzake, katika utafiti uliochapishwa 2002, waliwauliza wapita njia saa ngapi. Wenye saa za mishale karibu wote walikadiria, na hilo halishangazi. La kushangaza ni wenye saa za tarakimu. Mtu anaisoma 3:28 waziwazi, na kuitamka vile vile ndiyo kazi ndogo kwake, lakini zaidi ya nusu yao walijisumbua kukadiria hadi dakika tano zilizo karibu. Muulizaji aliposema anataka kurekebisha saa yake, ukadiriaji ulipungua sana. Wajibuji hawakuwa wakilinda ukweli wa dakika. Walikuwa wakimtafutia muulizaji jibu la kumfaa.

Sasa turudi kwa shemeji. Sperber na Wilson, na baadaye mwenzao Robyn Carston, wanasema hakuna mashine ya pekee kwa ajili ya sitiari. "Unga umeisha" ni ulegevu kidogo. "Nimekula mpaka nimepasuka" ni chuku, ulegevu uliovutwa mbali zaidi. "Shemeji ni kupe" umevutwa mbali kabisa, lakini ni kamba ile ile. Dada akisikia neno, yale anayoyajua kuhusu kupe yanaamka: anang'ang'ania, ananyonya, hatoki mpaka ang'olewe, ana miguu minane. Yanayogusa habari ya mgeni asiyeondoka yanatangulia mbele, miguu inabaki nyuma. Kutokana na hayo anatengeneza maana ya papo hapo, pana kuliko ya kamusi, inayowaingiza wadudu na watu wanaong'ang'ania na kula jasho la wenzao. Kwa maana hiyo mdogo mtu hakujifanya kusema chochote. Amedai, na pengine amesema kweli.

Ushahidi wa maabara unaielekea zaidi picha hii. Mwaka 1982 Sam Glucksberg na wenzake waliwaomba watu waamue haraka kama sentensi ni kweli au uongo kwa maana ya neno kwa neno tu. Sentensi za uongo zilizokuwa na maana nzuri ya kisitiari ziliwachelewesha. Maana ya sitiari iliwajia hata pale ambapo haikutakiwa. Kama tungelazimika kwanza kuikataa maana ya wazi, ndipo tuitafute nyingine, hilo lisingetokea. Haki ya Grice ni kusema kwamba hakudai kueleza hatua za akili sekunde kwa sekunde. Alieleza kwa nini msikilizaji ana haki ya kufikia hitimisho alilofikia.

Lakini Nadharia ya Ufaafu nayo ina tundu, na kupe wetu anapita humo humo. Kinachomuudhi mdogo mtu ni kwamba shemeji hana haya. Mdudu hana haya wala kukosa haya. Kunyonya damu ndiko kuishi kwake. Kama maana mpya inapatikana kwa kupanua tu yale tunayoyajua kuhusu kupe, kutokuwa na haya kumetoka wapi? Wafuasi wa nadharia hujibu kwamba kunatokana na hatua za kufikiri: mtu mzima mwenye uwezo wa kujitegemea, akichagua kuishi hivyo, hana haya. Jibu linaingia akilini, ila linaibebesha hatua ya kufikiri mzigo mkubwa kuliko upanuzi wa neno wenyewe.

Mwanafalsafa Elisabeth Camp ametumia nafasi za aina hii kumtetea Grice. Ukimwita mtu kupe na mkaidi akakujibu, "Kupe? Mbona ana miguu miwili?", utakubali kwamba hukusema kwa maana hiyo, na utalazimika kufafanua ulichokusudia. Sisi wasemaji wenyewe, asema Camp, tunalitambua pengo kati ya tulichotamka na tulichokusudia.

Kwa maoni yangu, kwenye kauli legevu Grice ameshindwa, na kwenye sitiari ya neno moja Ufaafu unaongoza. Kwenye sitiari ndefu, ambapo mshairi anajenga picha beti baada ya beti, mambo ni tofauti. Mwaka 2010 Carston mwenyewe alikiri kwamba hapo msikilizaji huishika maana ya wazi, akaikaa ndani yake na kuitazama kama dunia kamili, kabla ya kuchuma kinachokusudiwa. Njia hiyo ya pili iko karibu na Grice kuliko na kitabu cha 1986.