Feni Belti Inapolia Alfajiri

Asubuhi za msimu wa mvua huko Kasulu na Kibondo, kwenye nyanda za juu za Kigoma, huwa na baridi na unyevu. Gari likipigwa stata, feni belti hupiga mluzi mkali, na baada ya dakika chache hunyamaza. Kunyamaza huko ndiko humfanya mwenye gari aamini kwamba tatizo limejitengeneza lenyewe.

Stata imechota umeme mwingi kwenye betri, na altaneta inaanza kuurudisha mara injini inapowaka. Kadiri inavyozalisha umeme mwingi, ndivyo puli yake inavyokuwa nzito kuzungushwa. Puli hiyo ni ndogo, kwa hiyo mpira unaoishika ni mfupi. Belti ikiwa baridi, imelegea au ina maji, huteleza, na kuteleza ndiko kunakolia. Betri ikishajaa kiasi na mpira ukikauka, mzigo hupungua na kelele hukoma. Ulegevu unabaki palepale.

Dawa inayopendwa ni kupaka sabuni. Sabuni hulainisha, na mkanda unaoteleza hauhitaji kulainishwa zaidi.

Kipimo cha kweli ni maji kidogo. Injini ikiwa katika sailensa, mikono na nguo vikiwa mbali, nyunyiza upande wa belti wenye mifereji. Sauti ikizidi, belti inateleza: chunguza mkazo. Ikipotea kwa muda mfupi kisha ikarudi, puli hazijakaa kwenye mstari mmoja. Zima injini, ulaze rula iliyonyooka kwenye nyuso za puli mbili. Mwachano wa milimita 2 tu katika sentimita 30 unatosha kuleta kelele.

Tuchukue gari ambalo belti yake hukazwa kwa boliti ya altaneta. Bonyeza kwa kidole gumba katikati ya kipande kirefu cha belti: kwa kawaida izame kama sentimita 1. Ikizama mara mbili ya hapo, ikaze, lakini kwa kiasi. Belti iliyokazwa kama waya wa gitaa hunyamaza vizuri, kisha huua beringi za altaneta na pampu ya maji.

Kwenye gari lenye tensheni ya springi, fundi hakazi chochote. Springi ndiyo inayokaza. Mkono wa tensheni ukitetemeka sana injini ikiwa sailensa, au ukikwama unapousogeza kwa spana injini ikiwa imezimwa, umechoka. Bushi yake ikilika, puli huinama, hivyo kifaa kimoja huleta ulegevu na upindaji kwa pamoja.

Hapo ndipo belti mpya inapodanganya. Mpira wake mpya hushika vizuri, gari hunyamaza wiki kadhaa, kisha mluzi hurudi. Anayelaumiwa ni muuza vipuri, ilhali tensheni ya zamani bado iko mahali pake, ikiisubiri belti ya tatu.