Kuomba Kusoma tu Kanzidata ya Mauzo

Barua pepe isemayo "naomba niunganishwe na kanzidata ya mauzo" inaweza kukaa siku kadhaa bila jibu, na aliyeiandika akaona watu wa TEHAMA wanambania. Kumbe fundi hajui anaombwa data ipi, itasomwa saa ngapi, na nani ameridhia.

Wengi hudhani ruhusa ya kusoma tu haina madhara kwa kuwa huwezi kufuta kitu. Lakini ukiiagiza seva ipitie mauzo ya mwaka mzima saa tano asubuhi, unaweza kuielemea seva hiyohiyo inayotoa risiti dukani. Tena kuna majina na namba za simu za wateja, ambazo Tanzania zina sheria yake, ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Tuseme msambazaji wa sabuni ana matawi Dar es Salaam, Morogoro na Dodoma, na ofisa wake anataka mauzo ya kila tawi kwa kila bidhaa. Angeandika hivi:

"Habari za kazi. Naandaa ripoti ya mauzo ya kila mwezi. Meneja Mauzo ameridhia na nimemwekea nakala. Naomba akaunti ya kusoma tu majedwali matatu: mauzo, bidhaa na matawi. La wateja silihitaji. Nitasoma kila tarehe 2, baada ya saa mbili usiku. Kama kuna nakala ya kanzidata, nielekezeni huko; data ya jana inanitosha. Ruhusa ikome Desemba 31. Nenosiri msilitume kwa barua pepe, nitalifuata ofisini. Ahsanteni."

Sentensi inayomfurahisha fundi hapo ni ile ya data ya jana. Ripoti ya mwezi haihitaji mauzo ya dakika hii, kwa hiyo anaweza kukuelekeza kwenye nakala iliyo kwenye seva nyingine, na kaunta zisiguswe kabisa. Kwenye PostgreSQL, kiini cha kazi yake ni mstari mmoja:

```
GRANT SELECT ON mauzo, bidhaa, matawi TO ripoti;
```

Ukishapewa akaunti, jaribu amri hii, ambayo haifuti chochote hata kama ruhusa imekosewa:

```
DELETE FROM mauzo WHERE false;
```

Ikijibu `permission denied for table mauzo`, huna ruhusa ya kufuta, kama ulivyoomba. Ikijibu `DELETE 0`, umepewa zaidi ya ulichoomba, mwarifu fundi.

Jambo linalosahaulika ni kwamba ruhusa hiyo inahusu majedwali yaliyotajwa tu. Mafundi wakianza kuweka bidhaa zilizorudishwa kwenye jedwali jipya, ripoti haitagoma wala kutoa onyo. Itaendelea kuhesabu sabuni zilizorudishwa kana kwamba zimeuzwa, na tofauti itaonekana mhasibu atakapolinganisha na fedha za benki. Kwa hiyo ongeza mstari mmoja kwenye barua: "Mkibadili muundo wa majedwali ya mauzo, naomba mnijulishe."