Mshahara wa Mtu Mmoja: Manamba wa Mkonge na Familia Zilizobaki Buha

Mkonge ulifika Tanganyika mwaka 1893, Mjerumani Richard Hindorf alipoleta miche kutoka Florida. Iliyofika hai ilikuwa 62 tu, ikapandwa karibu na Pangani. Miaka michache baadaye mashamba yalitanda kutoka Tanga hadi Korogwe na kuendelea kandokando ya reli. Shida ya wenye mashamba haikuwa ardhi. Ilikuwa watu. Wasambaa, Wabondei na Wazigua walikuwa na mashamba yao, na waliokubali kukata mkonge kwa ujira ule walikuwa wachache.

Watu wakatafutwa mbali: Buha, Ubena, Ungoni, Msumbiji, hata Ruanda-Urundi. Nitazame Buha, yaani Kasulu na Kibondo, kwa sababu huko mpango wenyewe unaonekana waziwazi. Serikali ya Waingereza iliiona Buha kama ghala la vibarua, na zao la biashara halikusukumwa huko kama kahawa ilivyosukumwa Bukoba au Kilimanjaro. Kodi, hata hivyo, ilidaiwa kwa fedha taslimu kila mwaka. Kijana asiye na kahawa wala pamba angeipata wapi? Alijiandikisha, akapewa namba, akawa manamba. Safari ilikuwa kwa treni ya Reli ya Kati, kisha kwa miguu au lori hadi kwenye mashamba, maana reli ya Tanga na Reli ya Kati hazikuunganishwa mpaka miaka ya 1960.

Kazi ilihesabiwa kwa kipande, kadi yenye nafasi 30. Kila siku mnyapara alimpimia mkataji kazi yake: majani yenye miiba ncha, yaliyofungwa mafungu ya 30, yapangwe kandokando ya njia ili yapelekwe korona, mashine inayoponda majani na kuacha singa. Ukimaliza, kadi inatiwa alama. Ukiugua, ukichomwa na mwiba, au ukishindwa kumaliza, siku hiyo haihesabiwi. Kipande kilitakiwa kiishe ndani ya siku 42, na malipo yalitolewa kikishajaa. Chukulia mtu mwenye mkataba wa vipande tisa. Kwa hesabu ya kazi, hizo ni siku 270. Akitumia siku zote 42 kwa kila kipande, zinafika siku 378, nazo ni zaidi ya mwaka, bado hujahesabu safari ya kwenda na kurudi.

Hapa ndipo ninapoona kiini cha jambo lote. Ujira ule na posho ya unga vilikadiriwa kumtosha mwanamume mmoja anayelala kambini. Mkewe, watoto na wazee walichukuliwa kuwa wanalishwa na shamba la nyumbani. Kwa maneno mengine, mwanamke wa Kasulu aliyelima peke yake alikuwa akimlipia mwenye shamba wa Tanga gharama ya kulea kibarua, na baadaye ya kumtunza akirudi mgonjwa au mzee. Hakuna kadi iliyoandika kazi yake.

Na kazi hiyo iliongezeka. Kufyeka pori na kukata miti mikubwa zilikuwa kazi za wanaume. Mume asipokuwepo, mke alirudia shamba lile lile lililochoka, au aliomba shemeji na kaka wamsaidie, akabaki na deni la fadhila. Uamuzi wa kuuza mbuzi au kumwoza binti ulisubiri mtu aliye mbali, au uliamuliwa na ukoo wa mume. Wengine walirudi na mahari ya mdogo wao mfukoni. Wengine hawakurudi kabisa.

Hao wasiorudi ndio waliochangia kuikuza miji. Mkataba ukiisha, mtu aliweza kubaki kama kibarua asiye na mkataba, au kushuka Korogwe, Muheza na Tanga mjini kutafuta kazi bandarini au kufungua kibanda. Ngamiani, mtaa wa Waafrika uliopimwa kwa barabara zilizonyooka, ulijaa watu wa kila kabila, na Kiswahili kikawa lugha ya nyumbani kwa watoto wao. Wanawake nao walifika, wengine wajane au walioachika, wakijipatia riziki kwa kupika na kuuza pombe.

Mwaka 1944 wenye mashamba walianzisha shirika lao la kuandikisha vibarua, SILABU, na familia zikaanza kupokelewa kambini. Lakini nyumba ilibaki mali ya shamba. Katikati ya miaka ya 1960 bei ya mkonge iliporomoka kwa ushindani wa kamba za nyuzi bandia, mashamba yakapunguza watu, na mengi yakataifishwa mwaka 1967. Kazi ilipokwisha, haki ya kukaa nayo ilitikisika. Manamba wa zamani alijikuta hana hati ya kiwanja Korogwe, na Kasulu ardhi ya baba yake ilikuwa imeshagawanywa kwa ndugu waliobaki. Madai ya wakazi kwenye ardhi za mashamba yaliyotelekezwa mkoani Tanga yanatokana kwa sehemu na historia hiyo, na wanaodai si wavamizi waliofika jana.